Risasi Iliyovunja Mguu: Mwongozo Kamili, Kuanzia Mlango wa Dharura Hadi Siku ya Tano

Mwongozo huu nimeuandikia madaktari wa hospitali za kaunti na wilaya, maafisa wa kliniki na wauguzi wa chumba cha upasuaji. Ninyi ndio mnaopokea majeruhi wa risasi usiku, wakati mtaalamu wa mifupa yuko kilomita mia tatu. Nimefanya kazi miaka mingi upande wa kaskazini mwa Kenya, kwenye njia za wizi wa mifugo, na ninayoyaeleza hapa ndiyo niliyoyafanya kwa mikono yangu. Kanuni zake si zangu. Ndizo zilizofuatwa katika hospitali ya Lopiding kule Lokichoggio, ambayo Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu iliiendesha kuanzia 1987 hadi 2006 kwa ajili ya majeruhi wa vita vya kusini mwa Sudan. Ndizo pia zilizotumika Goma Januari 2025, majeruhi walipomiminika kwa mamia katika hospitali ya CBCA Ndosho.

Nitamfuata mgonjwa mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Ni mchungaji wa miaka 24, uzito wake kilo 60. Alipigwa risasi ya AK-47 mguu wa kulia, chini ya goti, saa kumi jioni. Walimbeba kwa miguu, kisha kwa pikipiki, wakafika kwetu saa moja asubuhi. Kwa hiyo saa 15 zilikuwa zimepita. Jeraha lilikuwa limefungwa kwa kipande cha shuka, na damu ilikuwa imekauka.

Kwanza, elewa risasi imefanya nini ndani

Mtu anayetazama tundu la risasi juu ya ngozi ni rahisi sana kudanganyika. Tundu la kuingilia la kijana huyu lilikuwa upande wa nje wa mguu na lilikuwa na upana wa sentimita 1, dogo kuliko ukucha wa kidole gumba. La kutokea lilikuwa upande wa ndani wa muundi. Lilikuwa na sentimita 6, limechanika kama nyota, na vipande vya mfupa vilionekana.

Risasi ya AK-47 ina uzito wa gramu 8 hivi, na hutoka kwenye mtutu kwa kasi ya karibu mita 700 kwa sekunde. Nishati yake ni nusu ya uzito mara kasi mara kasi, yaani takriban jouli 2,000. Risasi ya bastola ya milimita 9 ina uzito uleule lakini kasi yake ni nusu tu, karibu mita 350 kwa sekunde, na nishati yake haifiki hata jouli 500. Kasi ikipungua nusu, nishati hubaki robo. Ndiyo sababu majeraha ya bastola na ya bunduki ya vita hayafanani hata kama matundu yanalingana.

Lakini nishati ambayo risasi imepita nayo mwilini na kutoka nayo upande wa pili haijamdhuru mtu. Inayodhuru ni ile iliyoachwa ndani. Risasi ya AK-47 yenye ganda zima la chuma husafiri ndani ya misuli kwa sentimita kama 20 au zaidi ikiwa bado imenyooka, na njia yake ni nyembamba kama kalamu. Baada ya hapo ndipo inapoyumba, inageuka ubavu, na kusukuma misuli pembeni kwa nguvu. Hapo hutokea pango la muda, ambalo hupanuka na kusinyaa kwa kufumba na kufumbua. Misuli iliyovutwa na pango hilo huvia damu, mishipa yake midogo hukatika, na sehemu yake hufa.

Shavu la mguu wa mtu mzima halina unene wa sentimita 20. Kwa hiyo risasi hiyohiyo ikipita kwenye nyama tupu, hutoka kabla haijayumba. Mtu huyo ana matundu mawili madogo na karibu hakuna kilichokufa ndani. Anahitaji kuoshwa, kufungwa kwa shashi na kupewa dawa. Ukimpasua kutoka tundu hadi tundu kwa sababu tu ni risasi, umemuumiza kuliko aliyempiga.

Ikigonga mfupa, hali hubadilika. Risasi huyumba papo hapo na kuacha sehemu kubwa ya nishati yake mahali pamoja. Mfupa hupasuka vipande vipande, na kila kipande hukata misuli kinapopita. Pango linalotokea hunyonya hewa, na pamoja na hewa huingia nyuzi za nguo, vumbi na mavi ya ng'ombe yaliyokuwa kwenye suruali. Wako wanaoamini kwamba moto wa bunduki huua vijidudu. Si kweli, risasi haiji safi.

Mlango wa dharura: kazi ya dakika thelathini

Damu inayotiririka ndiyo ya kwanza. Bonyeza kwa mkono na shashi, kisha kaza bendeji. Mkanda wa kukaza juu ya jeraha ni wa damu isiyozuilika kwa kubonyeza, na saa uliyoukaza iandikwe kwenye mwili wa mgonjwa kwa kalamu. Mgonjwa akija na mkanda uliokaa zaidi ya saa 6 na mguu hauna damu kabisa, usiulegeze hapo mlangoni. Sumu ya misuli iliyokufa ikirudi moyoni kwa pamoja inaweza kumuua. Huyo ni wa chumba cha upasuaji, na mara nyingi ni wa kukatwa mguu juu ya mkanda.

Mvue nguo zote na umgeuze. Hesabu matundu. Idadi ya matundu ukijumlisha na risasi zinazoonekana kwenye eksirei lazima igawanyike kwa mbili. Isipogawanyika, kuna tundu hujaliona, na mara nyingi liko kwenye matako, kwapani au kwenye nywele. Kijana wetu alikuwa na matundu mawili, na vipande vidogo vya chuma tu kwenye eksirei, kwa hiyo hesabu ilitimia.

Tafuta mapigo mgongoni mwa unyayo na nyuma ya kifundo. Mwambie ainue kidole gumba cha mguu, na umguse kati ya kidole hicho na cha pili ujue kama anahisi. Andika ulichokiona kabla ya dawa ya usingizi. Usipoandika sasa, kesho hakuna atakayejua kama neva ilikatwa na risasi au na wewe. Mguu usio na mapigo haungoji foleni, kwa sababu baada ya saa 6 bila damu misuli huanza kufa, na kufungua mshipa tena wakati huo mara nyingi hakuiokoi.

Kisha chukua kidonda vipimo kwa mpangilio wa Msalaba Mwekundu, ambao ni herufi sita tu: tundu la kuingilia kwa sentimita, la kutokea kwa sentimita, kama kuna pango, aina ya mvunjiko, kama kiungo muhimu kimeguswa, na kama kuna chuma. Pango hupimwa kwa vidole: kama kabla ya upasuaji kidonda kinapokea vidole viwili, pango lipo. Kwa kijana huyu tuliandika:

```
E1 X6 C1 F2 V0 M2
```

Jumla ya matundu ni 7, yaani haifiki 10, lakini kuna pango na mfupa umepondeka. Hiyo ni daraja la pili. Kama jumla ingefika 10 au zaidi ingekuwa la tatu. Herufi hizi hukulazimisha kutazama kilicho ndani badala ya kusema tu "amepigwa risasi ya mguu".

Dawa ya vijidudu ianze hapohapo, maana kila saa inayopita ni faida ya vijidudu. Sisi tulimpa penisilini ya mshipani yuniti milioni 5 kila saa 6 kwa siku mbili, kisha ya vidonge hadi siku ya kufunga kidonda. Hospitali nyingi hutumia sefazolini gramu 2 kila saa 8, na hiyo pia inafaa. Mpe chanjo ya pepopunda mililita 0.5 kwenye msuli, na kwa kidonda kama hiki ongeza kinga tayari ya pepopunda, kwa sindano nyingine na mahali pengine. Dawa hizi zote hazifiki kwenye nyama isiyopitiwa na damu, na kwa hiyo hakuna hata moja inayochukua nafasi ya kisu.

Funika kidonda kwa shashi safi, nyoosha mguu, weka banzi la nyuma, piga eksirei mbili zinazoonyesha goti na kifundo. Usiingize vidole tena na tena, wala usichokonoe ukitafuta risasi mlangoni.

Chumba cha upasuaji: kukata kilichokufa

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Kusafisha kidonda kwa kisu ni kuondoa kila kilichokufa na kila kichafu, na kukiacha kilicho hai. Nusu ya makosa hutokana na kukata kidogo mno, na nusu nyingine na kukata ngozi kupita kiasi.

Mgonjwa akishapata ketamini au sindano ya mgongoni, osha mguu wote kwa sabuni na brashi, kuanzia vidoleni hadi pajani, pamoja na nyuma. Wengi hupaka aidini juu ya udongo kisha wanaanza kukata. Kuosha huku huchukua dakika kumi, na maji ya beseni letu siku ile yalikuwa rangi ya chai. Funga mkanda wa hewa pajani, lakini usiujaze isipokuwa damu imefoka. Unahitaji kuona nyama ikitoka damu ili uijue iliyo hai.

Ngozi ni ngumu kufa na ni shida kuipata tena. Kata ukingo uliosagika tu, milimita 1 au 2, usizidi. Kisha refusha tundu juu na chini kwa kufuata urefu wa mguu, hata sentimita 10 kila upande kama unahitaji. Ukipita kwenye kiungo, chora mpindo kama herufi S ili kovu lisije likavuta goti. Tundu la kuingilia na la kutokea hushughulikiwa kila moja peke yake, na wala hukati daraja la ngozi lililo katikati.

Chini ya ngozi kuna fashia, ule utando mweupe mgumu unaofunga misuli. Upasue kwa urefu, zaidi ya ulivyopasua ngozi. Misuli iliyopondeka huvimba, na ikivimba ndani ya mfuko usionyumbuka hujinyonga yenyewe. Mguu wa chini una vyumba vinne vya misuli. Kijana huyu alikuwa na shavu gumu kama ubao, na tulipomkunja vidole kidogo tu alipiga kelele ingawa dawa ya maumivu alikuwa amepata. Tulipasua vyumba vyote vinne kwa mikato miwili mirefu, mmoja upande wa nje na mmoja upande wa ndani. Misuli ilifura nje kama unga ulioumuka. Mapigo ya unyayo alikuwa nayo wakati wote huo, kwa hiyo usiyangoje yapotee ndipo upasue.

Sasa misuli. Kuna dalili nne, na unazitazama kwa pamoja. Rangi: ulio hai ni mwekundu, uliokufa ni wa zambarau au kijivu, kama ini lililolala. Ugumu: ulio hai ukibonyezwa hurudi, uliokufa hubonyea na kulika kwenye koleo. Kushtuka: ubane taratibu kwa ncha ya koleo, ulio hai hutetemeka. Damu: ukate, ulio hai hutoka damu mbichi kwenye vitone vidogo. Dalili ya rangi peke yake hudanganya sana, hasa chini ya taa ya manjano. Mimi huamini zaidi kushtuka na damu.

Kata kwa mkasi, vipande vidogo visivyozidi sentimita 2, ukishuka tabaka moja kwa moja. Ukifika kwenye msuli unaoshtuka na kutoka damu, simama. Kwa kijana huyu, kwenye tundu la kuingilia tulitoa nyama isiyojaza kijiko. Kwenye la kutokea tulijaza bakuli dogo, na katikati yake mkasi ulishika kitu kilichokataa kukatika. Tulipokivuta kilikuwa uzi mwekundu wa shuka, urefu wa kidole, umejisokota kwenye ncha ya mfupa. Eksirei haikuuonyesha, kwa sababu nguo haionekani kwenye eksirei. Ungebaki pale, usaha usingekauka.

Vipande vya mfupa navyo vina sheria yake. Kikiwa kimeshikwa na msuli au na utando wa mfupa, kiache, kina damu na kitaungana. Kikiwa kimelegea kabisa, ukikiokota kinakuja bila kuvutika, kitoe hata kama ni kikubwa. Roho huuma kutupa mfupa wa mtu, najua. Lakini mfupa mkavu usio na damu ni makao ya usaha yatakayomtesa miaka. Sisi tulitoa vipande vitano, na pengo lililobaki lilikuwa karibu sentimita 3 upande mmoja wa tibia.

Chuma usikitafute. Kipande cha risasi kilicho mbali, ndani ya msuli mzima, kinaweza kukaa huko maisha. Kinachotolewa ni kile ulichokutana nacho njiani, kilicho ndani ya kiungo kama goti, na kinachogusa mshipa mkubwa. Neva iliyokatika usiishone siku hiyo. Weka alama kwenye ncha zake kwa uzi usioyeyuka, uandike, umwachie atakayeishona baadaye. Mshipa mkubwa wa damu ni tofauti, huo hushonwa au huwekewa mrija wa muda hapohapo.

Maliza kwa maji. Kwa mvunjiko wa namna hii tulimwaga lita 9, yakishuka kwa uzito wake kutoka kwenye chupa iliyoning'inizwa, bila kupampu kwa nguvu. Maji ya chumvi ni mazuri, lakini usiposafisha kwa sababu chupa za dripu zimeisha umekosea, maana maji safi ya kunywa yanafaa.

Usishone

Nimelitengea jambo hili sehemu yake kwa sababu ya mgonjwa mmoja. Aliletwa siku ya tatu kutoka zahanati ambayo sitaitaja, paja lake limepigwa risasi na tundu limeshonwa nyuzi saba, nadhifu kabisa. Nilipoweka mkono juu ya goti, ngozi ilitoa mlio kama unapokanyaga mchanga mkavu. Ilikuwa gesi chini ya ngozi. Tulikata nyuzi, yakatoka maji ya kahawia yenye harufu tamu ya kuoza. Tulimkata mguu juu kabisa pajani usiku uleule na bado alikufa kesho yake adhuhuri. Alikuwa na umri wa mdogo wangu wa mwisho.

Vijidudu vya gangrini ya gesi hustawi pasipo hewa, kwenye nyama iliyokufa. Ukishona siku ya kwanza umevijengea nyumba na kuvifungia mlango. Kwa hiyo kidonda cha risasi chenye pango huachwa wazi, kila mara. Tandaza shashi kavu iliyofumuliwa, ijaze nafasi bila kushindiliwa, kwa sababu shashi iliyoshindiliwa ni kizibo na majimaji hayatoki. Juu yake weka pamba nyingi na bendeji pana isiyobana.

Kisha iache. Kufungua kidonda wodini kila asubuhi ili daktari wa mzunguko atazame ni desturi mbaya. Kila ukikifungua unakipa vijidudu vya wodi na kumtesa mgonjwa. Bendeji ikilowa majimaji, ongeza pamba juu. Harufu itakuwepo, na hapa lazima pua ijifunze. Kuna harufu kali ya kawaida, ya majimaji yaliyokauka kwenye shashi, inayofanana na mkojo wa zamani. Hiyo isikutishe. Harufu ya kuoza, pamoja na homa, mapigo ya moyo ya kasi, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, au damu mpya, ndiyo inayomrudisha mgonjwa chumba cha upasuaji hata kama ni usiku wa manane.

Kuushika mfupa

Mfupa unaotikisika hukata upya misuli uliyoisafisha, humuuma mgonjwa na hukaribisha usaha. Lazima ushikwe siku hiyohiyo. Lakini swali la siku ya kwanza ni kipi kitaushika vya kutosha hadi siku ya tano bila kuzuia kidonda. Sahani za chuma na misumari ya ndani si za siku hii. Ukiweka chuma ndani ya kidonda ambacho hujui kama kimekwisha kuwa safi, usaha ukija utakuwa umeuwekea kiti.

Kwa mkono wa juu, banzi la plasta na kamba ya shingoni hutosha mara nyingi. Kwa tibia iliyovunjika bila kupoteza mfupa mwingi, banzi refu la nyuma, kutoka paja hadi vidole, goti likiwa limekunjwa kidogo. Usizungushe plasta nzima siku ya kwanza, maana mguu bado utavimba.

Kwa paja, mvuto wa uzito. Pini hupigwa kwenye tibia, sentimita 2 chini na nyuma ya kile kinundu cha mbele chini ya goti, ukianzia nje kuja ndani, kwa sababu neva iliyo upande wa nje unaiepuka ukiwa bado unaona ulipoanza. Uzito ni kati ya moja ya kumi na moja ya saba ya uzito wa mwili. Mtu wa kilo 60 ataanza na kilo 6 hadi 8 na nusu. Miguu ya kitanda iinuliwe upande wa unyayo, la sivyo mgonjwa atavutwa chini. Mvuto huu hauna sifa mjini, lakini mapaja mengi ya risasi yameungana kwa huo.

Vyuma vya nje ni vya hali maalumu: pengo la mfupa, kidonda kikubwa kinachohitaji kufikiwa, mshipa ulioshonwa, mgonjwa wa kusafirishwa mbali. Kijana wetu alikuwa na mambo mawili kati ya hayo, basi tukamwekea. Pini nne za milimita 5, mbili juu ya mvunjiko na mbili chini, zote zikiingia upande wa mbele wa ndani ambako mfupa uko chini ya ngozi tu na hakuna msuli wa kutoboa. Toboa kwa keekee ya mkono au kwa mwendo wa polepole huku maji yakidondokea, kwa sababu mfupa ukiungua kuzunguka pini hufa kama pete na pini hulegea. Utahisi ukuta wa kwanza, kisha wepesi, kisha ukuta wa pili. Pini ishike yote miwili. Katika kila upande, pini moja iwe karibu na mvunjiko lakini nje ya kidonda, nyingine mbali nao kadiri inavyowezekana. Nondo ikae vidole viwili kutoka kwenye ngozi, ipate nafasi ya uvimbe. Kabla ya kukaza, tazama kidole gumba cha mguu, kifundo na kilele cha goti: mstari wake ulingane na mguu wa pili. Mguu uliokazwa ukiwa umegeuka nje utatembea umegeuka nje.

Mlipuko ni kitu kingine

Bomu la kutegwa ardhini na kilipuzi cha barabarani, kama vile vya Mandera, Garissa na Lamu, havifuati hesabu ya risasi. Anayekanyaga bomu hupoteza unyayo, na jicho humwambia daktari kwamba mguu umekatika kwenye kifundo. Sivyo. Mlipuko hufunua misuli kama mwavuli uliopinduliwa na upepo, na ndani ya mwavuli huo, kati ya msuli na msuli, husukumwa udongo, majani, mifupa ya unyayo na vipande vya akala. Kisha misuli hujifunga na kuuficha uchafu. Nimeshawahi kutoa kipande cha mpira wa akala chini kidogo ya goti kwa mtu ambaye ngozi ya shavu la mguu wake ilikuwa nzima kabisa.

Kwa hiyo fungua kila nafasi kati ya misuli, kwenda juu, hadi ukutane na nafasi safi. Msuli wa ndani wa shavu ulio karibu na ngozi huumia kidogo kuliko ule ulio chini yake, ndiyo maana tunaulinda ili uje ufunike ncha ya mfupa. Kisiki nacho huachwa wazi na kufungwa baadaye, sawa na vidonda vingine. Dawa pia hubadilika kidogo: kwa aliyekanyaga bomu, na kwa yeyote aliyechelewa zaidi ya siku tatu, tunaongeza metronidazoli miligramu 500 kila saa 8.

Vipande vya guruneti, kwa upande mwingine, hupoteza kasi haraka. Tundu lake ni pana juu na jembamba ndani. Mtu anaweza kuja na matundu arobaini madogo miguuni. Usimpasue mara arobaini. Osha vyote, fungua vile vyenye pango, vilivyo kwenye kiungo na vilivyo karibu na mshipa, vingine viache vijifunge.

Siku ya tano

Tulimrudisha kijana chumba cha upasuaji siku ya tano. Dirisha ni kati ya siku ya 4 na ya 7. Baada ya hapo kidonda huanza kujaza nyama yake ngumu na kingo hazikubali tena kuvutwa.

Shashi iliyokauka ilikuwa imegandia, na tulipoivuta taratibu nyama chini yake ilishtuka na kutoa vitone vya damu mbichi. Ukiona hivyo, ulisafisha vizuri. Ila pembeni mwa tundu la kutokea kulikuwa na kipande cha msuli wa kijivu, kama ukubwa wa punje ya korosho, ambacho siku ya kwanza nilikihesabu kuwa hai. Tulikikata, tukaosha tena, na upande huo tukauacha wazi siku mbili zaidi. Mkato wa upande wa nje ulifungika kwa nyuzi bila kuvutwa. Nyuzi zikikaza na ngozi ikawa nyeupe, ziondoe, weka ngozi ya kupandikiza badala yake.

Siku ya saba upande wa ndani ulikuwa mwekundu wote. Mfupa ulikuwa umefunikwa na msuli, kwa hiyo ngozi nyembamba kutoka paja la kushoto ilitosha. Mfupa ungekuwa wazi, ngozi isingeshika juu yake. Ungehitaji msuli ugeuzwe kuufunika. Theluthi ya juu ya mguu na ya kati zina misuli ya jirani ya kugeuza, lakini theluthi ya chini haina, na huyo wa chini mpeleke kwa wenye utaalamu mapema badala ya kumngoja wodini.

Pini zilioshwa kila siku kwa maji yaliyochemshwa na sabuni, na mama yake ndiye aliyejifunza kazi hiyo kuliko muuguzi yeyote. Wiki ya tano pini moja ya chini ilianza kutoa usaha, na ilizunguka ukiishika kwa vidole. Pini inayozunguka haitibiki kwa vidonge. Tuliitoa, tukapiga mpya sentimita 2 juu, na usaha ukakauka ndani ya siku nne. Wiki ya nane, ngozi ikiwa imeshika na hakuna tundu linalotoka maji, tulijaza pengo kwa mfupa uliochotwa kwenye nyonga. Wiki ya kumi na nne eksirei ilionyesha wingu jeupe likivuka pengo, tukatoa vyuma na kumpiga plasta ya chini ya goti ya kutembelea.

Alirudi mwezi wa saba tangu aumie, na fimbo yake. Mguu wa kulia ulikuwa mfupi kwa sentimita 1 na kidole gumba kiliinuka chote. Aliniuliza kama anaweza kurudi kwenye ng'ombe, nikamwambia atembee masika yote kwanza bila kubeba mzigo, na tundu lolote litakalofunguka na kutoa maji juu ya kovu, hata baada ya miaka, alilete likiwa bichi.